Karuseli yako ya takwimu haieleweki? Soma dalili kabla ya kubadilisha rangi

Karuseli ya takwimu, ile posti ya mtandaoni yenye slaidi kadhaa za kuswaipu, ikiharibika haipigi kelele. Slaidi zinaswaipiwa, moyo mwekundu unabonyezwa, watu wanapita. Kwamba kuna kasoro utajua baadaye, pale mtu anapoinukuu vibaya, au swali lilelile linapoulizwa mara 12 kwenye maoni ilhali jibu lake liko slaidi ya nne. Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia kubadilisha rangi na fonti, wakati mara nyingi ugonjwa uko kwenye namba yenyewe: ilivyoandikwa, ilivyolinganishwa, na kilichoachwa pembeni yake.

Nitatumia mfano mmoja, Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya 2022, kwa sababu namba zake ziko wazi kwa kila mtu na kwa sababu niliwahi kuitengenezea ofisi moja karuseli yake ya slaidi 10. Toleo la kwanza lilikuwa baya karibu kwa kila namna nitakayoieleza hapa.

Dalili: amefika slaidi ya mwisho, hakumbuki hata namba moja

Kipimo ni rahisi. Mpe simu mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo, aswaipu kwa mwendo wake, kisha ichukue. Zungumzeni mambo mengine dakika tano, halafu muulize ile posti ilisema nini. Akijibu "ilikuwa ya sensa, watu wameongezeka," umempa mada tu.

Slaidi yangu ya kwanza ilikuwa na namba tano: jumla ya watu 61,741,120, wanaume 30,053,130, wanawake 31,687,990, Tanzania Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Hizo ni tarakimu 39 kwenye kioo cha simu. Zote sahihi, na hakuna aliyeondoka na hata moja.

Chanzo cha kwanza ni urefu. Isome ile ya kwanza kwa sauti: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Ukifika "mia moja na ishirini", msikilizaji ameshasahau kama ulianza na sitini au sabini. Mtu wa kawaida akimsimulia mwenzake atasema "milioni sitini na moja na laki saba", au "karibu milioni sitini na mbili". Basi mwandikie namna atakavyosema. Mimi huweka "milioni 61.7" kwa herufi kubwa pale ambapo namba italinganishwa na nyingine. Kama posti inalenga makundi ya familia, naandika "milioni 61 na laki 7", kwa sababu neno laki linashika haraka kuliko nukta. Namba kamili haipotei. Inakwenda slaidi ya mwisho, kwenye jedwali dogo, kwa ajili ya mwandishi wa habari au mwanafunzi atakayeihitaji.

Lakini kufupisha kuna mtego wake. Bara ikifupishwa inakuwa milioni 59.9, Zanzibar inakuwa milioni 1.9. Jumlisha: 61.8. Jumla yako juu ya slaidi inasema 61.7. Hujakosea popote, ila kwenye maoni kuna mtu atakayejumlisha, na kuanzia hapo hatakuamini tena. Ama uandike kwa desimali mbili (59.85 na 1.89 zinatoa 61.74), ama usiweke vipande na jumla yake kwenye slaidi moja. Na kila mara fupisha kutoka kwenye namba ya asili. Iliyokwisha kufupishwa usiifupishe tena.

Chanzo cha pili kina uzito zaidi: namba haina mwenzake. Milioni 61.7 ni nyingi au chache? Msomaji hana pa kuishikia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Tofauti ni milioni 16.8 kwa miaka 10. Hiyo nayo bado inaelea. Sasa rudi kwenye sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Muungano: watu milioni 12.3 nchi nzima. Kwa hiyo nyongeza peke yake ya kati ya 2012 na 2022 inazidi Watanzania wote waliohesabiwa mwaka 1967. Slaidi hiyo moja ndiyo watu waliyoirudia walipoulizwa baadaye, na walioirudia kwa furaha zaidi walikuwa wazee, maana 1967 kwao ni mwaka wenye sura.

Niliwahi pia kuigawa kwa siku: kama watu 4,600 walioongezeka kila siku kwa miaka 10. Nayo inashika. Ila nilipotaka kuigeuza iwe mabasi, kisha viwanja vya mpira, mhariri aliniambia nichague kimoja nikae, na alikuwa na haki. Mfano wa pili haumsaidii wa kwanza, unaufuta.

Dalili: wanabishana kwenye maoni kuhusu asilimia, na pande zote zina hoja

Tuliandika kwamba watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Slaidi iliyofuata ikasema ndani ya miaka 10 wameongezeka kwa asilimia 37. Maoni ya kwanza yaliingia kabla chai haijapoa: "3.2 mara 10 ni 32, hiyo 5 mmeitoa wapi?"

Swali ni zuri. Nyongeza ya mwaka wa pili inakokotolewa juu ya idadi ambayo tayari imeongezeka mwaka wa kwanza, na hivyo hivyo kila mwaka, kama mkopo ambao riba inazaa riba. Ukianza na watu 100 na kuongeza asilimia 3.2 kila mwaka, mwaka wa 10 unakuta 137. Kosa letu lilikuwa kuziweka asilimia mbili za aina tofauti slaidi mbili mfululizo bila kuzitenganisha. Tungechagua moja. Kwa karuseli ningechukua hii: "Kwa kila watu 100 waliohesabiwa 2012, mwaka 2022 walikuwepo 137." Haina asilimia ndani yake, na ni ukweli uleule. Kasi ya mwaka ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kulinganisha vipindi au mikoa, kwa hiyo iache hadi ufike huko.

Ukifika, kuna shimo jingine. Kati ya 2002 na 2012 kasi ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikawa 3.2. Je, kasi imeongezeka kwa asilimia 0.5? Hapana. Imepanda kwa pointi 0.5. Ukitaka kusema kwa asilimia, 0.5 gawanya kwa 2.7 ni kama asilimia 18 na nusu. Wote wawili wanaobishana wanaweza kuwa sahihi, mmoja anahesabu pointi na mwingine anahesabu asilimia ya asilimia. Dawa ni kuandika mwanzo na mwisho: "kutoka 2.7 hadi 3.2", bila kitenzi cha kuongezeka kabisa.

Na hapa lugha yetu ina mtego wake wenyewe, "kwa" na "hadi". "Watu wameongezeka kwa milioni 61" na "wameongezeka hadi milioni 61" zinatofautiana kwa watu milioni 45. Anayeandika saa nne usiku huchanganya hizo mbili bila kuona, na programu ya kukagua tahajia haitamwambia kitu kwa kuwa maneno yote mawili yameandikwa vizuri. Kabla ya kurusha, tafuta kila "kwa" iliyotangulia namba na uisome upya. Zingatia pia "mara": kilichotoka 10 hadi 30 kimefika mara tatu ya awali, lakini nyongeza yake ni mara mbili. Wasomaji hawakubaliani juu ya maana ya "kimeongezeka mara tatu", kwa hiyo mimi nimeacha kuitumia.

Dalili: slaidi moja imekatwa, imesambaa, na sasa inasema uongo

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Slaidi ya saba ilihusu Dar es Salaam. Kichwa chake: "Dar yapunguza kasi." Chini yake 5.6 kubwa, mshale wa kushuka, kisha 2.1. Siku iliyofuata nilitumiwa skrinishoti yake kwenye kundi la WhatsApp, imeambatana na sentensi kwamba watu wanaihama Dar na mkoa unapungua wakazi.

Ukweli ni kinyume. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Umeongeza zaidi ya milioni moja. Kilichoshuka ni kasi ya kuongezeka: asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, asilimia 2.1 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Gari limepunguza mwendo, halijarudi nyuma.

Maelezo hayo yote yalikuwepo, kwenye slaidi ya sita na kwenye maandishi ya chini ya posti. Ila skrinishoti haibebi slaidi ya sita wala maandishi ya chini. Karuseli unaipanga kama kitabu, lakini inasafiri kama kurasa zilizochanwa. Kila slaidi yenye namba lazima iweze kusimama yenyewe mbele ya mtu ambaye hajaona nyingine.

Kipimo changu sasa ni kuichapisha kila slaidi peke yake, au kuituma moja moja kwa mtu asiyejua mada, na kumuuliza mambo manne: hii ni namba ya nini, ya wapi, ya lini, na imetoka kwa nani. Asipoweza kujibu moja, slaidi haijaisha. Kwa Dar nilirekebisha hivi: kichwa kikawa "Dar es Salaam bado inaongezeka, ila polepole kuliko zamani." Namba kubwa ikawa nyongeza ya watu milioni 1. Kasi ikaenda mstari wa chini, kwa herufi ndogo, pamoja na vipindi vyake. Pembeni chini: "Chanzo: NBS na OCGS, Sensa 2022." Hizo ni ofisi mbili za takwimu, ya Taifa na ya Zanzibar, zilizosimamia sensa hiyo kwa pamoja.

Mshale wa kushuka niliutoa kabisa. Jicho husoma mshale kabla ya herufi, na mshale ulioelekea chini karibu na neno "Dar es Salaam" ulikuwa umeshatoa habari yake kabla sijapata nafasi ya kueleza.

Dalili: grafu inapendeza, lakini inaonyesha kitu ambacho hakikutokea

Nilichora mstari wa idadi ya watu kwa sensa zote: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Niliingiza data Canva, ikapanga nukta sita kwa nafasi sawa. Utaona tatizo ukihesabu miaka: vipindi ni 11, 10, 14, 10 na 10. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14.

Kati ya sensa hizo mbili watu walipanda kutoka kama milioni 23 hadi milioni 34.4, nyongeza ya milioni 11 na kitu. Kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5. Ukiweka nukta kwa nafasi sawa, mstari unaonekana kulegea baada ya 2002, kana kwamba kasi ilipungua. Ukigawa kwa miaka unapata kama laki 8 kwa mwaka katika kipindi cha kwanza, na zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika cha pili. Grafu ilikuwa imegeuza habari kichwa chini, na hakuna namba hata moja iliyokosewa.

Programu za kubuni huchukulia miaka uliyoandika kama majina tu, sawa na Ilala, Temeke, Kinondoni. Suluhisho ni kuingiza kila mwaka kuanzia 1967 na kuacha wazi ile isiyo na sensa, kama programu yako itakubali kuunganisha nafasi tupu. Isipokubali, chora grafu kwenye jedwali la kompyuta kwa aina ya grafu inayochukua mwaka kama namba (kwenye Excel inaitwa Scatter), kisha uilete kama picha. Ukishindwa vyote, achana na mstari: tumia nguzo mbili tu, 2012 na 2022. Kwa simu hiyo mara nyingi ndiyo bora hata bila tatizo la miaka.

Ukichora nguzo, mhimili wake uanze na sifuri. Zile mbili, 44.9 na 61.7, zikianzia 40, ya pili itaonekana zaidi ya mara nne ya mwenzake. Halafu kuna kosa ambalo ni la karuseli hasa: nguzo ya 2012 iko slaidi ya tatu, ya 2022 iko slaidi ya nne, na kila slaidi imejipangia kipimo chake ili ijaze nafasi. Msomaji anaswaipu na nguzo zinabaki urefu uleule. Ukigawa ulinganisho kwenye slaidi mbili, funga kipimo kimoja kwa zote. Kikifungwa vizuri, kuswaipu kwenyewe kunakuwa sehemu ya habari, kwa sababu nguzo inakua mbele ya macho.

Bara na Zanzibar kwenye grafu moja ya idadi hazikai. Nguzo ya Zanzibar inakuwa ukucha. Kama unataka kuzilinganisha, linganisha kasi: Zanzibar asilimia 3.7 kwa mwaka, taifa zima 3.2. Hapo Zanzibar inaonekana, na ina jambo la kusema.

Dalili: "hamjanihoji mimi"

Sensa huhesabu kila mtu, kwa hiyo maoni haya hayaji. Yanakuja ukibeba matokeo ya utafiti wa maoni, na yakija kwa wingi mara nyingi ni kwa sababu slaidi imeficha ni wangapi walioulizwa. Afrobarometer, kwa mfano, nchini Tanzania huhoji watu 2,400, na hutaja kwamba matokeo yanaweza kupotoka kwa pointi 2 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Kuna njia ya mkato ya kukadiria upotokaji huo kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambapo n ni idadi ya waliohojiwa:

```
100 / √n
```

Weka 2,400 unapata 2. Weka 400 unapata 5. Weka 100 unapata 10. Kwa hiyo kama uliuliza watu 100, na 53 wakasema ndiyo na 47 hapana, usiandike "Wengi wanakubali" kwa herufi za urefu wa kiganja. Andika "Wamegawanyika karibu sawa." Na kama ni fomu uliyoirusha kwenye makundi ya marafiki wakajaza waliotaka, hesabu hiyo haitumiki kabisa, hata wakiwa 5,000. Taja tu waliojaza ni nani.

Kwa kundi dogo acha asilimia. Tuseme umewauliza mama lishe 12 na 9 wakasema bei ya mkaa imewapunguzia faida. "Asilimia 75 ya mama lishe" inasikika kama nchi nzima. "Mama lishe 9 kati ya 12 tuliowauliza" inasema kilichotokea, na kusema kweli inakumbukika zaidi. Tatizo hilohilo hujificha ndani ya utafiti mkubwa: watu 2,400 wakigawanywa kwa mikoa, mkoa mmoja unaweza kubaki na wahojiwa wasiofika 100, na slaidi ya "mkoa unaoongoza" ikawa ni bahati tu ya waliokutwa nyumbani.

Dalili: wanakuza kwa vidole viwili

Hili ni jepesi. Slaidi ya pikseli 1080 kwa 1350 ikifika kwenye simu inasinyaa hadi kama theluthi moja, kwa hiyo herufi ya 30 uliyoiona nzuri kwenye kompyuta inasomeka kama ya 10. Sishuki chini ya 36 kwa maandishi yoyote ila chanzo, na namba kuu naipa 200 na zaidi. Acha pia nafasi tupu pembeni, kwa sababu ukurasa wako wa wasifu hukata kingo za slaidi ya kwanza, na "61.7" iliyokatwa ikawa "1.7" ni jambo nililoliona kwa macho yangu.

Imesharushwa na namba ina kosa

Maandishi ya chini unaweza kuyahariri. Namba iliyo ndani ya picha huwezi. Kama kosa liko slaidi moja na nyingine zinajitosheleza bila hiyo, ifute slaidi hiyo na useme kwenye maandishi ya chini umefuta nini na kwa nini. Kama kosa liko kwenye namba kuu, ondoa posti nzima, kisha weka mpya ambayo slaidi yake ya kwanza ina neno "Marekebisho". Sisi kwa ile ya Dar tulichelewa siku mbili tukijadiliana kama neno hilo litatuaibisha. Skrinishoti ya zamani bado huniibukia kwenye makundi kila inapozungumzwa foleni ya Ubungo, nami hujibu kwa kutuma ile mpya, ambayo angalau inajieleza yenyewe.